Sukuma na spinachi za wiki nzima: kontena, kitambaa, jagi au chungu?

Jumamosi asubuhi sokoni, fungu la sukuma wiki huwa limekaza, na ukivunja kikonyo cha jani unasikia mlio. Jumanne jioni unafungua friji na kukuta moja kati ya mambo mawili: ama majani yametepeta, ama kwa nje yanaonekana mazima lakini katikati ya fungu kuna ute unaonuka. Wengi wetu huyaita yote mawili "kuharibika", na hapo ndipo ushauri unapogongana. Jirani mmoja atakwambia nyunyiza maji, mwingine atakwambia maji yasikaribie mboga kabisa.

Kila mmoja ameona upande wake. Kutepeta ni kiu: jani limepoteza maji kwenye hewa kavu. Ute ni kazi ya bakteria, nao wanastawi pale tone la maji linapokaa juu ya jani lililochubuka. Kwa hiyo jani lililochumwa linataka hewa yenye unyevu mwingi pande zote, huku uso wake wenyewe ukiwa mkavu. Njia nne ninazolinganisha hapa zinatofautiana hasa katika namna zinavyotafuta hali hiyo.

Niseme kidogo kuhusu mboga zenyewe, kwa sababu maelezo mengi ya kutoka nje hayalingani na kilicho jikoni mwetu. Spinachi tunayouziwa Kenya na Tanzania, yenye jani pana na kikonyo kinene cheupe, si spinachi ya Ulaya yenye vijani vidogo laini. Ni ndugu wa kiazisukari, na mbegu inayopandwa sana inaitwa Fordhook Giant. Kikonyo chake kina maji mengi, kwa hiyo inavumilia kuliko ile ya Ulaya, lakini haiifikii sukuma wiki, ambayo jani lake ni nene na lina nta kidogo juu. Ukinunua zote mbili siku moja, panga kula spinachi kwanza.

Vigezo vya kulinganisha

Nimeziangalia njia zote kwa mambo manne.

La kwanza ni ukavu wa hewa, yaani njia inazuia vipi jani kupoteza maji. Kiasi kinachotosha kuliharibu ni kidogo kuliko tunavyodhani. Spinachi huanza kulegea ikipoteza takribani asilimia 3 ya uzito wake. Katika fungu la nusu kilo hizo ni gramu 15, sawa na kijiko kimoja cha chakula.

La pili ni baridi. Jani lililochumwa bado linapumua na kula akiba yake, na kadiri joto linavyopanda ndivyo linavyoimaliza upesi na kugeuka manjano. Mboga hizi hupenda baridi iliyo karibu na nyuzi 0 bila kuganda. Friji ya nyumbani yenye nyuzi 2 hadi 4 inatosha kwa wiki. Unyevu peke yake hauzuii umanjano.

La tatu ni hatari ya kuoza, na la nne ni kazi ya kila siku pamoja na nafasi inayotumika.

Kabla ya njia yoyote

Maandalizi haya ni yale yale kwa njia zote, na ukiyaruka hakuna njia itakayokusaidia.

Usikubali kukatiwa. Mama mboga akishaikata sukuma nyembamba, kila mkato ni kidonda kinachopoteza maji na kuingiza bakteria. Sukuma iliyokatwa nahesabu ni ya leo na kesho, hata ikiwa ndani ya friji. Mwambie akuwekee majani mazima, ukate mwenyewe siku ya kupika.

Ukifika nyumbani, fungua kamba au mpira uliofunga fungu, maana sehemu iliyobanwa ndiyo huanza kutoa ute. Toa jani lolote lenye manjano, lililochanika sana au lililovunjika katikati. Kama fungu limelegea njiani, kata sentimita moja ya mwisho wa vikonyo, kisha yalaze majani kwenye beseni la maji baridi kwa dakika 20 hadi 30. Jani lenye kiu litakaza tena. Lisilokaza baada ya hapo limeshazeeka, lipike usiku huo huo.

Halafu kausha, na hatua hii ndiyo inayoamua wiki yako. Wauzaji hunyunyizia mboga maji siku nzima, kwa hiyo hata fungu ambalo hujaliosha lina maji kwenye mikunjo. Kung'uta majani machache machache, yatandaze juu ya taulo safi kivulini, kisha kunja taulo pamoja nayo na ubonyeze taratibu. Spinachi huficha maji kwenye mfereji wa kikonyo, na sukuma kwenye kingo zilizojikunja. Kidole kikipita hapo na kutoka kikavu, umemaliza.

Kuhusu kuosha, mimi huhifadhi bila kuosha na kuosha siku ya kupika, isipokuwa mboga ikiwa na udongo mwingi. Ukiosha mwanzoni ni sawa, mradi uwe na subira ya kukausha hadi mwisho.

Njia ya kwanza: kontena lenye kifuniko na kitambaa kikavu

*Namna ya kufanya.* Chukua kontena pana la plastiki au la kioo. Tandika kitambaa kikavu cha pamba chini, kipande cha kanga kuukuu kinafaa sana kwa sababu kinanyonya. Panga majani bila kuyashindilia, weka kitambaa kingine juu, funika, weka kwenye friji. Majani yenyewe yatatoa unyevu wa kutosha kujaza hewa ya ndani, na matone yatakayojitengeneza yatanywewa na kitambaa.

*Jani siku ya saba.* Kwa sukuma, hii ndiyo njia inayolifikisha jani siku ya saba likiwa karibu na lilivyonunuliwa. Spinachi iliyoingia ikiwa kavu hukaa vizuri hadi siku ya tano au ya sita, halafu kingo huanza kulainika.

*Inapoharibika.* Kosa ni moja tu mara nyingi: kitambaa kimelowa na hakijabadilishwa. Siku ya tatu fungua na ukishike. Kikiwa na ubaridi wa unyevu tu, kiache. Kikiwa kimelowa hadi unaweza kukikamua, weka kingine kikavu. Jani moja likianza ute litoe mara moja pamoja na yaliyoligusa, kwa sababu ute huhama.

*Kazi na nafasi.* Kazi iko siku ya kwanza, baada ya hapo karibu hakuna. Nafasi ndiyo gharama yake: kontena la lita 5 hubeba kiasi cha fungu moja kubwa bila kubanwa, na friji ndogo hujaa haraka.

*Inamfaa nani.* Anayenunua mara moja kwa wiki na ana friji yenye rafu iliyo wazi. Inamfaa pia mwenye friji ya feni isiyotengeneza barafu, kwa kuwa hewa ya friji hizo ni kavu sana na mboga iliyo wazi hunyauka humo kwa siku moja au mbili.

Njia ya pili: kitambaa chenye unyevu kwenye droo ya mboga

*Namna ya kufanya.* Lowesha kitambaa cha pamba, kikamue hadi kisidondoshe hata tone, kitandaze, panga majani makavu upande mmoja na ukunje kama mkeka. Laza kwenye droo ya chini. Hapa mambo yamegeuzwa: kitambaa ndicho kinachopoteza maji badala ya jani.

*Jani siku ya saba.* Sukuma hukaa vizuri siku tano bila wasiwasi, na hufika saba ikiwa kitambaa kimeloweshwa tena katikati ya wiki. Spinachi ni ya siku tatu hadi nne, kwa sababu jani lake jembamba liko karibu mno na unyevu wa kitambaa.

*Inapoharibika.* Huharibika kwa pande zote mbili, ndiyo maana inataka mtu anayeangalia. Kitambaa kikikauka siku ya tatu, majani ya nje yanatepeta. Ukikilowesha kupita kiasi, ya ndani yanaoza. Dalili ya kwanza ya kuoza ni harufu ya maji ya chombo kilichosahaulika, nayo hutangulia ute. Kitambaa chenyewe kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani kila wiki, la sivyo unahifadhi bakteria wa wiki iliyopita.

*Kazi na nafasi.* Inachukua nafasi ndogo kuliko zote, na haina gharama. Lakini kila siku mbili lazima ukiguse kitambaa.

*Inamfaa nani.* Mwenye friji ndogo ya mlango mmoja, anayepika mboga karibu kila siku na hivyo hufungua droo hiyo bila kukumbushwa.

Kwa miaka mingi hii ndiyo iliyokuwa njia yangu, na bado naipenda kwa sukuma. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, kitambaa ndicho kilichoziba pengo lake katika nyumba nyingi, na kwa mboga za majani naona hatukupoteza kitu.

Njia ya tatu: jagi la maji

*Namna ya kufanya.* Kata sentimita moja hadi mbili za vikonyo kwa kisu kikali. Simamisha majani kwenye jagi au birika pana lenye maji ya kina cha sentimita tatu au nne, vikonyo pekee ndivyo viguse maji. Funika juu kwa kitambaa chepesi kikavu bila kubana. Likiwa ndani ya friji, badilisha maji kila baada ya siku mbili. Likiwa mezani, kila siku.

*Jani siku ya saba.* Hakuna njia inayotoa jani lililokaza zaidi siku mbili za mwanzo. Kikonyo kinakunywa na jani linasimama. Ndani ya friji, sukuma hufika siku ya sita au saba ikiwa vikonyo vimekatwa upya siku ya tatu, kwa sababu bakteria huziba njia za maji kwenye mkato. Mezani ni habari nyingine. Kwenye ubaridi wa Nairobi au Arusha utapata siku mbili au tatu, na Mombasa au Dar es Salaam siku moja. Jani litakuwa limekaza lakini linageuka manjano, kuanzia majani ya chini yaliyo makubwa. Maji yameondoa kiu, joto halikuguswa.

*Inapoharibika.* Jani likizama linaoza na kuchafua maji yote. Maji yakiwa na ukungu au kikonyo kikiteleza mkononi, mwaga, osha jagi kwa sabuni, kata vikonyo upya.

*Kazi na nafasi.* Kazi ni nyingi kuliko njia mbili za kwanza, na jagi linahitaji urefu ambao friji nyingi hazina isipokuwa uondoe rafu.

*Inamfaa nani.* Anayekaa peke yake au wawili, anayenunua fungu dogo na kulimaliza ndani ya siku chache. Inafaa vizuri pia kwa mchicha uliong'olewa na mizizi yake, ambao hunywa maji kwa urahisi zaidi kuliko jani lililochumwa moja moja.

Njia ya nne: chungu ndani ya chungu

*Namna ya kufanya.* Unahitaji vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi wala kung'arishwa, kimoja kiingie ndani ya kingine na kuacha nafasi ya sentimita tatu hadi tano. Jaza mchanga katika nafasi hiyo, lowesha mchanga, weka mboga ndani, funika kwa kitambaa kibichi. Weka kivulini penye upepo, na uongeze maji kwenye mchanga asubuhi na jioni. Maji yanapopenya ukuta wa chungu cha nje na kuyeyukia hewani, yanaondoka na joto. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa kaskazini mwa Nigeria ndiye aliyeusambaza mtindo huu vijijini katika miaka ya 1990, na mwaka 2000 akapata tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo.

*Jani siku ya saba.* Hapa inabidi kuangalia unapoishi. Chungu hupoza kulingana na ukavu wa hewa. Mchana wa Dodoma wenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 30, baridi ya mwisho inayowezekana ni kama nyuzi 18, na chungu kizuri hukaribia hapo. Mchana wa Mombasa wenye nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 70, mwisho ni kama nyuzi 26, yaani umepunguza nyuzi tano tu kwa juhudi zote hizo. Kwenye hewa kavu tarajia siku nne au tano kwa sukuma na mbili au tatu kwa spinachi. Majani hayatatepeta, kwa sababu ndani ya chungu kuna unyevu mwingi. Yatakayoanza ni manjano.

*Inapoharibika.* Mchanga ukikauka mchana mmoja, chungu kinageuka kuwa chombo cha kawaida. Shika ukuta wa nje: ukiwa wa baridi na wenye unyevu, kinafanya kazi. Ukiwa mkavu au wa joto la hewa, ongeza maji. Usiuzungushie nailoni wala kuuweka kwenye kona isiyo na upepo.

*Kazi na nafasi.* Kinataka maji mara mbili kwa siku bila kukosa, na nafasi nje ya jiko.

*Inamfaa nani.* Asiye na friji, au mwenye umeme unaokatika siku nzima, katika sehemu kavu za bara. Ukanda wa pwani nisingemshauri mtu anunue vyungu kwa ajili ya mboga za majani.

Mfano wa wiki moja

Chukua familia ya watu wanne Nairobi yenye friji ya kawaida, inayonunua Jumamosi mafungu matatu ya sukuma na mawili ya spinachi. Wakiyaweka yote kwenye kontena moja kubwa, litafunguliwa kila jioni, hewa yenye joto la jiko itaingia, na matone yatajitengeneza juu ya majani baridi. Wakigawanya kwa mlo, mambo yanabadilika. Spinachi ya Jumapili inaweza kukaa kwenye jagi, maana ni usiku mmoja tu. Spinachi ya Jumanne na sukuma ya Jumatatu ziende kwenye vitambaa vyenye unyevu ndani ya droo. Sukuma ya Alhamisi na ya Ijumaa, kila moja katika kontena lake lenye kitambaa kikavu, lifunguliwe Jumanne kukagua kitambaa na lisiguswe tena hadi siku yake. Majani magumu na makubwa ndiyo ya kuweka kwa Ijumaa, machanga yaliwe mapema.

Waangalie pia jirani wa mboga ndani ya friji. Parachichi, nyanya, maembe na pasheni zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo huliamrisha jani kuzeeka. Sukuma iliyolala na parachichi lililoiva katika droo moja huanza manjano siku kadhaa kabla ya ile iliyotengwa. Na mboga isiguse ukuta wa nyuma wala kukaa chini kabisa ya friza ya ndani, kwa kuwa hapo huganda. Jani lililoganda utalijua: lina mabaka meusi kama yenye maji, na likiyeyuka linalegea moja kwa moja.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ukinunua mara moja kwa wiki na rafu ina nafasi, anza na kontena na kitambaa kikavu, kisha uweke nguvu zako zote kwenye kukausha siku ya kwanza.

Friji ikiwa ndogo na unapika mboga kila siku, kitambaa chenye unyevu kitakutosha, mradi ununue sukuma nyingi kuliko spinachi.

Ukiwa unakula peke yako, au unataka jani lililokaza kabisa kwa siku mbili tatu, tumia jagi, ndani ya friji kama linaingia.

Umeme ukikatika kwa saa chache tu, kontena lililofungwa ndilo linalotunza baridi vizuri. Usilifungue hadi umeme urudi.

Bila friji sehemu kavu za bara, jenga chungu na ununue sukuma mara mbili kwa wiki, kwa mfano Jumamosi na Jumatano. Bila friji pwani, nunua ya siku moja asubuhi, isimamishe kwenye jagi kivulini, na uipike jioni hiyo hiyo.